Namba 556 Inasema Nini? Jinsi ya Kusoma Majedwali na Chati za Ripoti ya Utafiti

Mwaka 2010, Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Tanzania ulikadiria kuwa wanawake 454 hufariki kutokana na ujauzito na uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti uliofuata, wa 2015-16, ukatoa namba 556. Mtu akiziweka namba hizi mbili bega kwa bega, hitimisho linajileta lenyewe: vifo vya akina mama vimeongezeka, tena kwa zaidi ya moja ya tano. Ni hitimisho linaloweza kuingia kwenye hotuba, kwenye kichwa cha habari, na kutoka hapo likaingia kwenye mipango ya wilaya. Lakini majedwali yenyewe ya tafiti hizo hayasemi hivyo.

Namba hazina kosa. Zilikusanywa kwa utaratibu unaojulikana, zikachapishwa na taasisi za takwimu za Tanzania Bara na Zanzibar kwa kushirikiana na wizara za afya. Shida huanza pale namba inapong'olewa kutoka kwenye jedwali lake. Inapotoka pale inaacha nyuma mambo mengi: kichwa cha jedwali kinachotaja nani amehesabiwa na kwa kipindi gani, tanbihi zilizo chini, safu ya mwisho yenye idadi ya watu waliohusika, na kiambatisho cha nyuma ambacho wasomaji wengi hawakifikii. Anayeandika maelezo ya jedwali ndani ya ripoti ana kazi ya kuhakikisha mambo hayo yanasafiri pamoja na namba. Asipofanya hivyo, msomaji atayajaza mwenyewe, na mara nyingi atayajaza vibaya.

Namba hii ilipatikanaje?

Kwa utafiti wa 2015-16, wahojaji walifika katika maeneo 608 yaliyochaguliwa nchi nzima na kuhoji wanawake 13,266 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Hawakwenda hospitali kuhesabu vifo, maana wanawake wengi hufia nyumbani au njiani na majina yao hayaingii kwenye daftari lolote. Njia iliyotumika ni ya kuuliza juu ya ndugu. Kila mwanamke aliombwa awataje wote waliozaliwa na mama yake: nani yuko hai, nani amefariki, alifariki lini na akiwa na umri gani. Kwa kila dada aliyefariki akiwa na miaka 12 au zaidi, yalifuata maswali mengine: alikuwa mjamzito? Alifariki wakati wa kujifungua? Au alifariki ndani ya miezi miwili baada ya ujauzito kwisha?

Anayejua hivi anaanza kuitazama 556 kwa jicho jingine. Kwanza, si namba ya mwaka 2015. Vifo vinavyosimuliwa ni vya takriban miaka kumi kabla ya mahojiano. Utafiti wa 2010 nao ulitazama nyuma kiasi hichohicho. Maana yake namba ya kwanza inazungumzia miaka ya kuanzia 2000 hivi hadi 2010, na ya pili inaanzia katikati ya kipindi hicho na kuishia 2015 au 2016. Vipindi hivyo viwili vinachangia karibu nusu ya miaka yao. Dada aliyefariki mwaka 2007 angeweza kuhesabiwa katika utafiti wa kwanza na pia katika wa pili. Kwa hiyo anayesema "tangu 2010 vifo vimepanda" anaipa jedwali kalenda ambayo halina.

Pili, kifo cha mama, pamoja na uchungu wake wote, ni tukio adimu katika sampuli. Hata ukihoji wanawake zaidi ya 13,000, vifo vya dada vinavyohusiana na ujauzito ndani ya kipindi husika ni vichache ukilinganisha na idadi ya waliohojiwa. Maeneo machache yakiangukia vijiji vingine badala ya vile vilivyochaguliwa, makadirio yanaweza kusogea juu au chini kwa makumi ya vifo. Hapo hakuna aliyekosea. Ndivyo sampuli ilivyo. Kinachotakiwa ni kumwambia msomaji namba inaweza kusogea kiasi gani.

Jedwali lililofichwa nyuma

Ripoti za mkondo huu huweka taarifa hiyo kwenye kiambatisho cha makosa ya sampuli. Humo kila kiashiria kikubwa hupewa thamani yake, kisha mipaka miwili: wa chini na wa juu. Nafasi iliyo kati ya mipaka hiyo ni wigo wa makadirio. Kama utafiti ungerudiwa mara mia kwa njia ileile na sampuli tofauti, wigo unaopatikana ungeikumbata hali halisi ya nchi takriban mara 95. Vifo vinavyohusiana na uzazi, katika tafiti tatu zilizofuatana, vilikuwa hivi:

| Utafiti | Makadirio | Mpaka wa chini | Mpaka wa juu |
|---|---|---|---|
| 2004-05 | 578 | 466 | 690 |
| 2010 | 454 | 353 | 556 |
| 2015-16 | 556 | 446 | 666 |

Namba zote ni vifo kwa kila vizazi hai 100,000.

Safu mbili za kulia zinabadilisha mazungumzo yote. Utafiti wa 2010 haukusema "454" kwa ukavu. Ulisema hali halisi inaweza kuwa popote kati ya 353 na 556. Ule wa 2015-16 ukasema kati ya 446 na 666. Sehemu kubwa ya wigo mmoja imelala juu ya mwingine, na 556 yenyewe, namba iliyoonekana kuwa ya kutisha, ndiyo mpaka wa juu wa utafiti uliotangulia.

Hata hivyo, kutazama tu kama wigo mbili zinaingiliana hakutoshi. Zinaweza kuingiliana kidogo na bado tofauti ikawa ya kweli. Njia salama zaidi ni kupima tofauti yenyewe, na hesabu yake inawezekana kwa kikokotoo cha simu. Chukua upana wa wigo wa 2010: 556 kutoa 353 ni 203. Gawa kwa nne, upate karibu 51. Hicho ndicho kipimo cha kuyumba kwa makadirio, ambacho watakwimu hukiita kosa sanifu. Inagawanywa kwa nne kwa sababu mipaka imewekwa makosa sanifu mawili chini na mawili juu. Fanya vivyo hivyo kwa 2015-16: 666 kutoa 446 ni 220, gawa kwa nne, upate 55.

Sasa zidisha kila moja kwa yenyewe na ujumlishe: 2,601 na 3,025 ni 5,626. Kipeuo cha pili chake ni 75. Hilo ndilo kosa sanifu la tofauti. Mara mbili yake ni 150. Tofauti iliyoonekana ni 102, yaani 556 kutoa 454. Kwa hiyo tofauti halisi inaweza kuwa popote kuanzia 102 kutoa 150 hadi 102 kujumlisha 150: kutoka kupungua kwa vifo 48 hadi kuongezeka kwa vifo 252. Sifuri, yaani hakuna mabadiliko yoyote, imo ndani.

Haki inadai hesabu hiyohiyo ifanywe kwa habari njema. Kati ya 2004-05 na 2010 namba ilishuka kutoka 578 hadi 454, na mtu angependa kushangilia kupungua kwa vifo 124. Ukipitia hatua zilezile, kosa sanifu la tofauti linakuwa karibu 76, na tofauti halisi inaanzia kupungua kwa vifo 275 hadi kuongezeka kwa vifo 27. Sifuri imo tena, ingawa safari hii iko karibu na ukingo. Aliyeshangilia mwaka 2010 na aliyelaumu mwaka 2016 wote walisoma safu moja ya jedwali na kuziacha mbili.

Maelezo mazuri chini ya jedwali kama hili hayahitaji urefu. Yanaweza kusomeka hivi: "Makadirio ni vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takriban miaka kumi kabla ya utafiti, wigo ukiwa 446 hadi 666. Tofauti kati ya namba hii na 454 ya mwaka 2010 iko ndani ya kiasi kinachoweza kuletwa na sampuli. Takwimu hizi hazitoshi kusema kama vifo vimeongezeka, vimepungua au vimebaki palepale." Sentensi ya mwisho ina uzito wake. Kusema takwimu hazitoshi kuonyesha mabadiliko si sawa na kusema mabadiliko hayakutokea. Ofisa anayesoma "hakuna mabadiliko" anaweza kudhani programu yake haikufanya lolote, wakati utafiti umesema tu kwamba chombo chake hakina makali ya kuona jambo dogo kiasi hicho.

Namba 104 na swali la kilichohesabiwa

Utafiti wa 2022 ulileta namba nyingine: vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hapa bahati ya sampuli peke yake haitoshi kuwa jibu. Kutoka 556 hadi 104 ni umbali mkubwa mno, na 104 iko mbali chini ya mpaka wa 446. Lakini kabla ya kuchora mshale mmoja kutoka namba ya zamani hadi mpya, msomaji makini hurudi kwenye kichwa cha jedwali na tanbihi zake na kuuliza: kilichohesabiwa ni kilekile?

Swali hilo lina sababu. Shirika la Afya Duniani hufafanua kifo kitokanacho na uzazi kuwa ni kifo cha mwanamke akiwa mjamzito au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kwisha, kwa sababu inayotokana na ujauzito au iliyozidishwa nao, na si kwa ajali au sababu isiyohusika. Tafiti za zamani za idadi ya watu na afya, katika nchi nyingi, hazikuweza kutenganisha hivyo. Zilihesabu kila kifo kilichotokea wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua au ndani ya miezi miwili baadaye, kwa sababu yoyote ile. Mjamzito aliyegongwa na gari aliingia kwenye hesabu. Baadaye dodoso la kimataifa likaongezewa maswali ya kutenga ajali na ukatili na kubana muda hadi siku 42, na tangu hapo ripoti zikaanza kutofautisha viashiria viwili: vifo vinavyohusiana na ujauzito, na vifo vitokanavyo na uzazi. Cha pili daima ni kidogo kuliko cha kwanza au sawa nacho, kwa kuwa kimo ndani yake.

Tofauti ya ufafanuzi haielekei kumeza pengo lote kati ya 556 na 104. Lakini inamlazimu mwandishi wa ripoti kulinganisha cha aina moja na cha aina moja, na kama hakuna namna, aweke pengo wazi kwenye chati yake: mstari ukatike pale ufafanuzi ulipobadilika, na maelezo yaseme kwa nini umekatika. Mstari uliochorwa moja kwa moja bila kukatika unamhakikishia msomaji jambo ambalo mchoraji hakulihakiki.

Asilimia ya nani?

Makosa mengine hayahitaji hesabu yoyote kuyagundua. Yanahitaji kusoma kichwa cha jedwali hadi mwisho. Mfano mzuri uko kwenye jedwali la ujauzito wa mapema katika utafiti uleule wa 2015-16. Namba iliyovuma ni asilimia 27. Wengi waliisikia kama "asilimia 27 ya wasichana wana mimba", na wengine kama "asilimia 27 ya wanafunzi".

Jedwali linasema jambo jingine. Waliohesabiwa ni wanawake wote wenye umri wa miaka 15 hadi 19, waliomo shuleni na wasiomo, walioolewa na wasioolewa. Na asilimia 27 ni jumla ya makundi mawili: 21 walikuwa wameshazaa, na 6 walikuwa na mimba ya kwanza siku walipohojiwa. Kwa hiyo waliokuwa na mimba ya kwanza wakati ule ni 6 katika kila 100. Wengine ni mama wa watoto waliozaliwa miezi au miaka kadhaa nyuma. Mpangaji wa huduma za kliniki ya wajawazito na mpangaji wa kuwarudisha mama vijana shuleni wanahitaji namba tofauti, na zote mbili ziko kwenye jedwali moja, kila moja kwenye safu yake.

Chini kidogo kuna mistari ya umri, na hapo wastani wa 27 unajifungua. Kwa wenye miaka 15, walioanza uzazi walikuwa asilimia 4. Kwa wenye miaka 19 walikuwa 57. Hakuna umri wowote ambao hali yake inafanana na namba iliyotangazwa bila kufafanuliwa. Kijana wa miaka 19 kisheria ni mtu mzima, na wengi wa umri huo wako kwenye ndoa; binti wa miaka 15 ni suala la ulinzi wa mtoto. Maelezo yanayotaja 27 na kunyamaza yanawaunganisha wawili hao kwenye tatizo moja lenye dawa moja.

Kisha kuna mistari ya mikoa. Katavi iliongoza kwa asilimia 45. Namba hii nayo husomwa kinyume kwa urahisi wa kushangaza: "asilimia 45 ya mimba za mapema nchini ziko Katavi." Hilo haliwezekani, Katavi ni mmoja wa mikoa yenye watu wachache Tanzania Bara. Namba inasema kwamba katika kila wanawake 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, karibu 45 walikuwa wameanza uzazi. Njia ya kujua mwelekeo wa asilimia ni kutafuta mahali mia inapotimia. Kama kila mstari unasimama peke yake na mistari haijumlishwi kufikia 100, basi kila mkoa umegawanywa kwa watu wake wenyewe. Kama safu nzima ya mikoa inajumlishwa na kupata 100, hapo ndipo jedwali linaeleza mgawanyo wa nchi kati ya mikoa.

Mabano na kinyota

Msomaji anayefika hadi safu ya mwisho hukutana na idadi ya watu ambao asilimia inawahusu. Ndiyo safu inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha nguvu ya namba iliyo kushoto kwake. Ripoti za mkondo huu zina alama mbili zinazoendana nayo. Namba iliyowekwa ndani ya mabano imetokana na watu 25 hadi 49 tu. Mahali penye kinyota, waliohusika walikuwa chini ya 25, na namba imefichwa kabisa.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Katika kundi la watu 30, mtu mmoja ni zaidi ya pointi tatu za asilimia. Watu watatu wakijibu tofauti, asilimia 40 inakuwa 50. Anayenakili namba kutoka kwenye jedwali kwenda kwenye slaidi huwa anaacha mabano nyuma kwa kuwa yanaharibu mwonekano, na kwa kitendo hicho kidogo namba dhaifu inapandishwa cheo ikawa sawa na nyingine zote. Kinyota nacho husomwa kama sifuri. Hakimaanishi sifuri, kinamaanisha kwamba watafiti hawakuwa na watu wa kutosha kusema lolote.

Safu hiyo ya mwisho ina mtego wake pia. Idadi inayoonekana pale kwa kawaida ni ile iliyopewa uzani, si vichwa vilivyohojiwa. Zanzibar inatoa mfano ulio wazi. Wakazi wake ni karibu asilimia 3 tu ya wakazi wa Jamhuri ya Muungano, lakini kila mmoja wa mikoa yake mitano unahitaji sampuli yake ili upate makadirio yanayofaa. Kwa hiyo wanahojiwa watu wengi kuliko uwiano wao. Wakati wa kukokotoa namba za taifa, majibu yao hupunguziwa uzani ili Zanzibar isivute wastani wa nchi kuliko stahili yake. Matokeo yake ni kwamba mkoa wa Pemba unaweza kuonekana kwenye jedwali ukiwa na watu wachache sana ilhali waliohojiwa kweli ni mamia. Anayedharau namba ya pale kwa kutazama idadi yenye uzani anaitupa taarifa nzuri. Kanuni ya mabano na kinyota hutumia vichwa halisi, kwa hiyo namba ya Pemba isiyo na mabano imesimama kwa miguu yake.

Chati ya udumavu

Chati huongeza hatari moja ambayo jedwali halina: jicho huamua kabla akili haijasoma. Utafiti wa 2010 ulikuta asilimia 42 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Mwaka 2015-16 walikuwa asilimia 34, na mwaka 2022 asilimia 30. Tuseme mchoraji anachora nguzo tatu na kuuanzisha mhimili wa wima kwenye 28 ili tofauti zionekane vizuri. Nguzo ya 42 itakuwa na urefu wa vipimo 14, ya 34 vipimo 6, na ya 30 vipimo 2. Kwa macho, udumavu mwaka 2022 umebaki theluthi moja ya ule wa 2015-16, na sehemu moja ya saba ya ule wa 2010. Namba zilizoandikwa juu ya nguzo ni sahihi zote. Uongo uko kwenye urefu.

Kwa chati ya nguzo, mhimili huanzia sifuri, kwa sababu nguzo husomwa kwa urefu wake wote. Chati ya mstari inaweza kuanzia juu zaidi, kwa kuwa jicho hufuata mteremko, lakini hapo ni wajibu wa maelezo kutaja mhimili umeanzia wapi. Pia kuna suala la nafasi kati ya miaka. Kutoka utafiti mmoja hadi mwingine si miaka mitano kamili kila mara. Kati ya 2015-16 na 2022 ni zaidi ya sita. Miaka ikipangwa kwa umbali sawa kwenye mhimili wa chini, mteremko wa kipindi kirefu unaonekana mkali kuliko kasi yake halisi.

Halafu kuna namna ya kuutaja upungufu kwa maneno. Kutoka 34 hadi 30 ni kushuka kwa pointi 4 za asilimia. Ni pia kushuka kwa karibu asilimia 12 ya kiwango cha awali, kwa kuwa 4 ni kama asilimia 12 ya 34. Kauli zote mbili ni kweli, lakini mwandishi akiandika "umepungua kwa asilimia 4" hakuna ajuaye anamaanisha ipi. Ripoti nzuri hutaja mwanzo na mwisho, "kutoka asilimia 34 hadi 30", na kuacha msomaji aone mwenyewe.

Hata hapo bado haijasemwa ni watoto wangapi. Asilimia ikishuka kutoka 34 hadi 30, inatosha idadi ya watoto wa umri huo iongezeke kwa asilimia 13 ili idadi ya waliodumaa ibaki ileile. Sensa za 2012 na 2022 zinaonyesha watu wa Tanzania wakiongezeka kutoka karibu milioni 44.9 hadi milioni 61.7, ongezeko la takriban asilimia 3.2 kwa mwaka. Kasi hiyo, kama watoto wadogo nao waliongezeka hivyohivyo, inafikisha asilimia 13 ndani ya miaka minne. Maana yake hatari kwa kila mtoto imepungua, na hilo ni jambo la kweli, huku foleni ya watoto wanaohitaji msaada ikiwa haijapungua na pengine imerefuka.

Mikoani picha ni hiyohiyo. Mwaka 2022 Iringa iliongoza kwa udumavu wa asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa zilizokaribia nusu ya watoto. Ramani iliyopakwa rangi kwa asilimia huifanya Nyanda za Juu Kusini iwake nyekundu. Lakini sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu karibu milioni 1.2 Iringa na milioni 3.7 Mwanza. Uwiano wa watoto ukiwa sawa katika mikoa hiyo miwili, Mwanza inahitaji udumavu wa asilimia 18 au 19 tu kuwa na watoto waliodumaa wengi kama Iringa, kiwango kilicho chini kabisa ya wastani wa taifa. Anayetafuta chanzo cha udumavu katika mikoa inayolima chakula kwa wingi atakwenda na ramani ya asilimia. Anayepanga idadi ya wahudumu, mizani na vibao vya kupimia urefu anahitaji safu nyingine, ya idadi ya watoto, na mwandishi wa ripoti aliyeiweka safu hiyo pembeni ya ramani atakuwa amemwezesha kupeleka vifaa panapostahili.